Kilele bapa, bonde zima: kuiweka nukta tulivu mahali pake kwa mistari miwili ya mzigo

Dalili inajulikana. Umejenga hatua ya kukuza yenye transista moja, ukapima volteji kati ya kolekta na emita, ukakuta nusu kamili ya volteji ya usambazaji. Kwa kanuni iliyozoeleka, nukta tulivu iko katikati na kila kitu kiko sawa. Unaunganisha mzigo, unaongeza ishara taratibu huku ukitazama osiloskopu, na mapema kabisa vilele vya wimbi vinakatwa vikawa bapa. Mabonde yake bado ni mazima, tena yana nafasi ya kutosha chini yake.

Hapo transista si mbovu, na mara nyingi hakuna rezista iliyobadilika thamani. Kosa ni la mchoro: nukta imewekwa katikati ya mstari ambao ishara haitembei juu yake.

## Saketi ya mfano

Tuchukue hatua ya kawaida ya emita ya pamoja yenye transista 2N3904 na usambazaji wa 12 V. Rezista ya kolekta ni 2.2 kΩ. Kwenye emita kuna rezista mbili zilizofuatana, 82 Ω halafu 390 Ω kwenda ardhini, na kapasita ya 100 µF imefungwa sambamba na ile ya 390 Ω peke yake. Besi inalishwa na kigawanyaji: 39 kΩ kutoka 12 V na 6.8 kΩ kwenda ardhini. Kolekta inapeleka ishara kupitia kapasita ya 10 µF kwenye mzigo wa 2.2 kΩ, ambao huenda ni ingizo la hatua inayofuata.

Bila ishara, mita inaonyesha takribani 6.1 V kati ya kolekta na emita. Mkondo wa kolekta usiupime kwa kukata waya. Pima volteji juu ya rezista ya 2.2 kΩ, nayo itakuwa karibu 4.8 V, kisha gawanya: 4.8 V kwa 2.2 kΩ ni 2.2 mA. Hiyo ndiyo nukta tulivu ya sasa: 6.1 V na 2.2 mA.

## Mstari wa kwanza: wa utulivu

Chukua karatasi ya grafu. Mhimili wa mlalo uwe volteji ya kolekta hadi emita, kuanzia 0 hadi 12 V. Mhimili wa wima uwe mkondo wa kolekta, kuanzia 0 hadi 7 mA. Ukiwa na jedwali la mikunjo ya transista, ihamishie hapo. Usipokuwa nayo kazi haikwami, kwa sababu mikunjo hiyo tunaihitaji mahali pamoja tu: pembeni kushoto, inapopinda kushuka kuelekea sifuri. Katika mikondo hii midogo, chukulia kwamba chini ya 0.5 V transista imeanza kushiba na haifai tena kwa ishara safi. Takwimu za watengenezaji hutaja volteji ya kushiba iliyo ndogo zaidi ya hapo, lakini hicho ni kipimo cha swichi iliyofungwa kabisa, wakati wimbi huanza kuharibika kabla ya kufika huko.

Mkondo wa utulivu unapita kwenye rezista zote za njia yake: 2.2 kΩ, 82 Ω na 390 Ω, jumla 2.67 kΩ. Transista ikifunga, inabeba 12 V zote na mkondo ni sifuri. Ikiwa kama waya mtupu, mkondo ni 12 V kwa 2.67 kΩ, yaani 4.5 mA. Unganisha nukta hizo mbili. Nukta tulivu yoyote utakayoichagua kwa kubadilisha rezista za besi itakaa juu ya mstari huu, haina pengine pa kwenda. Ile ya 6.1 V na 2.2 mA iko karibu katikati yake.

Wengi huishia hapo, na ndipo kosa linapozaliwa.

## Mstari wa pili: wa ishara

Ishara haizioni rezista zile zile. Kwake kapasita ya 10 µF ni njia wazi, kwa hiyo mzigo wa 2.2 kΩ unakaa sambamba na rezista ya kolekta, na vyote viwili vinakuwa 1.1 kΩ. Kapasita ya 100 µF nayo inaifuta 390 Ω. Zinabaki 1.1 kΩ na 82 Ω, jumla 1.18 kΩ. Mstari wa ishara lazima upite kwenye nukta tulivu, kwa sababu ishara ikiwa sifuri saketi inarudi hapo, ila mteremko wake ni mkali zaidi ya ule wa kwanza.

Kuuchora ni rahisi: kutoka kwenye nukta, kila ukishuka 1 mA unakwenda kulia 1.18 V. Ukishuka 2.2 mA zote unafika kwenye mhimili wa mlalo ukiwa umesogea 2.6 V tu. Mstari unagusa mhimili kwenye 8.7 V, mbali kabisa na 12 V. Kwa upande wa kushoto, kutoka 6.1 V hadi ukuta wa 0.5 V kuna 5.6 V.

Sasa mchoro unasema wazi kile ambacho osiloskopu ilikuwa inaonyesha. Kulia kuna nafasi ya 2.6 V na kushoto kuna 5.6 V. Sehemu ndogo ya volteji hizo inabaki kwenye 82 Ω. Kwenye mzigo wenyewe, zidisha badiliko la mkondo kwa 1.1 kΩ: upande wa juu unapata 2.4 V, na upande wa chini ungeweza kufika 5.2 V. Wimbi safi linafuata upande mfupi, kwa hiyo upana wake kutoka bonde hadi kilele hauzidi 4.8 V.

## Dalili ya kwanza: vilele bapa

Kwenye kolekta, kilele cha juu kinatokea mkondo unapokuwa mdogo. Kilele bapa maana yake mkondo umefika sifuri na transista imefunga. Nukta iko chini mno kwenye mstari.

Mambo mawili huwapoteza watu hapa. La kwanza ni kwamba kilele hakikatwi kwenye 12 V. Ukiweka osiloskopu isome na volteji ya utulivu pia, utaona kolekta imekwama karibu na 9.6 V, na ni rahisi kusema, "Bado kuna volti mbili na zaidi juu, basi hii si transista kufunga." Ni kufunga. Kapasita ya 10 µF imeshajichaji hadi 7.2 V, ambayo ndiyo volteji ya kolekta wakati wa utulivu, na katika muda mfupi wa nusu wimbi haiwezi kubadilika. Transista ikiacha kabisa kupitisha mkondo, bado kuna mkondo mwingine: unatoka 12 V, unapita rezista ya kolekta, kapasita, hadi mzigoni. Tofauti ya 4.8 V iliyobaki inagawanyika sawasawa kati ya rezista mbili za 2.2 kΩ, na kolekta inasimama 2.4 V chini ya 12 V. Emita wakati huo imeshikiliwa na kapasita yake karibu na 0.9 V. Toa 0.9 kwenye 9.6 unapata 8.7 V, pale pale mstari wa ishara ulipogusa mhimili.

La pili ni jaribio la kuondoa mzigo. Mtu anautoa, anaona wimbi limekuwa refu maradufu, anadhani ameponya. Angalia umbo badala ya urefu. Transista hufunga kwa sababu ishara ya besi imeupunguza mkondo wa 2.2 mA hadi sifuri, na jambo hilo halitegemei mzigo uliopo kwenye kolekta. Kwa ishara ile ile iliyokuwa ikikata kilele, kitaendelea kukatwa, sasa kwenye 4.8 V badala ya 2.4 V. Kilichoongezeka ni ukuzaji tu. Lakini jaribio hili linafundisha kitu: bila mzigo upande wa chini unaweza kwenda 5.4 V, karibu sawa na ule wa juu. Kanuni ya nusu ya usambazaji ilikuwa sahihi kwa saketi isiyo na mzigo. Mzigo ulipofungwa, kanuni ilikufa.

Tiba ni kuipandisha nukta, na mchoro unaonyesha hadi wapi. Tunataka nafasi ya kulia ilingane na ya kushoto. Nafasi ya kulia ni mkondo wa utulivu mara 1.18 kΩ. Nafasi ya kushoto ni volteji ya utulivu kutoa 0.5 V. Nukta zote ambazo viwili hivyo vinalingana zinakaa kwenye mstari mmoja, unaoanza 0.5 V kwenye mhimili wa mlalo na kupanda kuelekea kulia kwa 1.18 V kila 1 mA. Weka alama kwenye 0.5 V na sifuri, weka nyingine kwenye 6.4 V na 5 mA, unganisha kwa rula. Mstari huu msaidizi unaukata mstari wa utulivu kwenye 4 V na 3 mA. Nukta tulivu inayotafutwa ni hiyo, na hakuna haja ya kujaribu mara tano.

Anayependa hesabu atapata jibu lile lile:

```
IC = (VCC - 0.5 V) / (Rdc + Rac)
   = 11.5 V / (2.67 kΩ + 1.18 kΩ)
   = 3.0 mA
```

Chora upya mstari wa ishara kupitia nukta mpya. Sasa unagusa mhimili kwenye 7.5 V, kuna 3.5 V kila upande, na kwenye mzigo unapata 3.3 V juu na 3.3 V chini. Kutoka upana wa 4.8 V tumefika 6.6 V bila kuongeza usambazaji.

Kuipeleka saketi huko, anzia emita. Mkondo wa 3 mA kwenye 472 Ω ni 1.4 V. Ongeza karibu 0.67 V ya besi hadi emita, besi inatakiwa iwe karibu 2.1 V. Ukibakiza 6.8 kΩ chini, inapitisha 0.31 mA, na besi yenyewe inakula takribani 0.02 mA. Rezista ya juu inabeba 9.9 V kwa 0.33 mA, yaani 30 kΩ. Thamani hiyo ipo kwenye mfululizo wa asilimia 5. Ukiwa na 27 kΩ na 33 kΩ tu, chukua 33 kΩ na ukubali kupoteza kidogo upande wa juu, kwa kuwa 27 kΩ inapeleka mkondo hadi karibu 3.5 mA na bonde ndilo litakaloanza kukatwa. Kwa hiyo tiba nzima ya dalili hii ni rezista moja: ng'oa 39 kΩ, weka 30 kΩ.

## Dalili ya pili: mabonde bapa

Hapa ni kinyume. Transista inashiba, nukta iko juu mno kushoto. Kwenye mezani hii hutokea zaidi kwa aliyeongeza rezista ya kolekta ili apate ukuzaji zaidi na kusahau kwamba mistari yote miwili imebadilika. Hutokea pia kwa aliyefunga kapasita kinyume: hatua iliyotangulia ikiwa na volteji kubwa kuliko ya besi, kapasita ya elektroliti inayovuja kwenye ingizo huipa besi mkondo wa ziada, na nukta hupanda peke yake kwenye mstari wa utulivu. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha rezista, chomoa kapasita ya ingizo upande mmoja na upime tena volteji ya besi. Ikishuka kutoka, tuseme, 2.5 V hadi 2.1 V, umeshampata mkosaji.

Usitegemee bonde lishuke hadi sifuri. Katika nukta yetu nzuri, kolekta imetulia 5.4 V kutoka ardhini na inashuka 3.3 V, inafika 2.1 V. Chini ya hapo kuna emita, ambayo wakati huo mkondo umefika 6 mA na volteji yake imepanda hadi karibu 1.7 V. Pengo lililobaki ni lile la kushiba. Anayepima kolekta dhidi ya ardhi na kuhesabu volti zote hadi sifuri anajipa nafasi ambayo haipo. Ndiyo maana mhimili wa mlalo wa mchoro ni kolekta hadi emita, na mita nayo iwekwe hivyo hivyo.

Vilele na mabonde vyote vikikatwa kwa wakati mmoja, hakuna ugonjwa: nukta iko mahali pake na ishara ni kubwa mno.

## Dalili ya tatu: hakuna palipokatwa, lakini wimbi limepinda

Hii ndiyo inayosumbua zaidi, kwa sababu mchoro unaonekana kamili. Vilele ni vipana na vya mviringo, mabonde ni membamba na yamechongoka. Mistari yote miwili iko sawa, nukta iko 4 V na 3 mA, na bado wimbi si safi.

Tazama kapasita ya emita. Mara nyingi imefungwa sambamba na 472 Ω zote, huku ile 82 Ω ikiwa imesahaulika au imeondolewa ili ukuzaji uongezeke. Mstari wa mzigo unaeleza uhusiano wa volteji ya kolekta na mkondo wake, na uhusiano huo umenyooka kweli. Hausemi lolote kuhusu jinsi volteji ya besi inavyouendesha mkondo, na huko hakuna mstari ulionyooka: katika joto la kawaida, kila 18 mV inayoongezwa kati ya besi na emita inaukuza mkondo mara mbili. Kutoka 3 mA, ukiongeza 18 mV unafika 6 mA, na wimbi linashuka 3.3 V. Ukipunguza 18 mV ile ile unafika 1.5 mA, na wimbi linapanda 1.65 V tu. Nusu moja imekuwa mara mbili ya nyenzake, na hakuna nukta tulivu itakayoponya hilo.

Rezista ya 82 Ω ndiyo dawa. Badiliko la 3 mA linaweka karibu 0.25 V juu yake, kiasi kinachozimeza zile 18 mV. Bei yake ni ukuzaji: unashuka kutoka takribani 125 hadi 12, na ingizo sasa linahitaji karibu 0.27 V ya kilele ili kufika mwisho wa mstari. Hata hivyo mkondo ukikaribia sifuri upinzani wa ndani wa emita hupanda haraka, na ncha ya kilele hujipinda kidogo kabla ya kukatwa. Kwa hiyo kati ya 3.3 V za mchoro, hesabu 3 V kuwa safi kwa kweli.

Kuna umbo jingine linalofanana na hilo lakini linakuja kwenye masafa ya chini tu. Kapasita zikianza kushindwa kupitisha ishara, mstari wa ishara hufunguka ukawa duaradufu, na nafasi zote ulizopima kwa rula hazihusu tena. Pima nukta yako kwenye 1 kHz kwanza, ndipo ushuke.

## Nukta inayohama

Saketi ilikuwa sawa, ukabadilisha transista kwa nyingine ya namba ile ile, kilele kikakatwa tena. Hapa tazama namna besi inavyolishwa. Kwa kigawanyaji chetu, transista yenye ukuzaji wa mkondo wa 100 inakaa 2.9 mA na 4.2 V, na yenye 300 inakaa 3.1 mA na 3.6 V. Tofauti ipo, lakini wimbi la 3 V bado linapita bila shida ya maana. Besi inayolishwa na rezista moja tu kutoka 12 V haina kinga hiyo. Mkondo wa kolekta unajaribu kupanda mara tatu pamoja na ukuzaji, na nukta inatembea kutoka katikati ya mstari wa utulivu hadi ukutani. Usiirekebishe kwa kutafuta rezista nyingine, weka kigawanyaji.

Joto linasukuma upande huo huo. Volteji ya besi hadi emita inashuka karibu 2 mV kwa kila nyuzi 1 ya selsiasi, kwa hiyo nyuzi 30 zinaongeza mkondo wetu kwa karibu 0.12 mA. Kama saketi itakaa ndani ya sanduku lenye joto, iweke nukta kidogo chini ya 3 mA ikiwa bado baridi.

## Kuhakikisha mezani

Mahali pa 30 kΩ weka kwa muda rezista ya 22 kΩ ikifuatana na potenshiometa ya 22 kΩ. Funga mzigo halisi, peleka ishara ya 1 kHz, na uweke kipimio cha osiloskopu mzigoni. Ongeza ishara hadi upande mmoja uanze kukatwa. Geuza potenshiometa kidogo hadi upande huo upone, ongeza tena, rudia, mpaka kilele na bonde viguse ukuta kwa pamoja. Sasa zima ishara kabla ya kupima, kwa sababu wimbi lililokatwa huhamisha volteji ya wastani na mita itakudanganya. Kolekta hadi emita inatakiwa isome karibu na 4 V. Ikisoma 4.6 V au 3.3 V na bado pande zote zinakatwa sawa, mzigo wako si 2.2 kΩ uliyoiandika kwenye karatasi. Upime, ukokotoe upya ule upinzani wa 1.18 kΩ, na mstari msaidizi utakupeleka pale pale potenshiometa iliposimama.